"Mimi nilijibu": jinsi nilivyohama kutoka namba fupi kwenda namba ndefu

Nilipewa kazi ya kuweka ujumbe wa kukumbusha miadi katika kliniki ya meno hapa Mombasa. Mgonjwa anatumiwa ujumbe siku moja kabla, naye anajibu 1 kama anakuja, 2 kama anataka siku nyingine.

Kukodi namba fupi, ile ya tarakimu chache, iwe ya peke yetu kulikuwa ghali, kwa hiyo tukachukua ya kushirikiana. Biashara nyingi hutumia namba ileile, kila moja na neno lake la kutanguliza. Letu lilikuwa MENO. Tuliandika wazi: "Jibu MENO 1". Hata hivyo majibu yakawa machache mno, na wagonjwa wakifika wanamwambia dada wa mapokezi, "Mimi nilijibu!"

Nikamwomba mama mmoja anionyeshe simu yake. Alikuwa ameandika "1" tu. Bila lile neno, mtambo haujui hiyo 1 ni ya nani, basi hauipeleki popote. Mzee mwingine aliandika "MENO1", bila nafasi, nayo ikapotea vilevile. Kijana wa tatu alikuwa na bando la meseji lakini salio sufuri. Namba yetu ilikata salio, si bando, kwa hiyo jibu lake halikutoka kwenye simu. Na mgonjwa aliyekuwa Maskati kwa laini ya Oman hakuweza kabisa, kwa kuwa namba fupi hupokea tu kutoka mitandao ambako imewekwa.

Hapo nikahamia namba ndefu pepe, yaani namba ya simu ya kawaida isiyo na laini ndani ya simu yoyote. Ujumbe ukiingia unapelekwa moja kwa moja kwenye seva yetu. Bando likakubali, Maskati ikafika, na neno MENO tukaliondoa, maana namba ni yetu peke yetu.

Kazi ikabaki ya kujua nani amejibu nini. Jibu linakuja na namba kamili inayoanza na +254, ilhali daftari letu liliandikwa 07, kwa hiyo ilibidi niziweke zote katika umbo moja kwanza. Kilichonisumbua zaidi ni mama mwenye watoto wawili, miadi miwili, simu moja. Akijibu 1, ni ya mtoto yupi? Sasa namba moja ikiwa na miadi zaidi ya mmoja tunatuma ujumbe mmoja wenye majina yote, na 1 ni ya wote. Likija jibu jingine lolote, kama "Sawa dokta, ila Amina ana homa", dada wa mapokezi analisoma mwenyewe na kupiga simu.

Watu waliiona namba ngeni wakadhani ni matapeli, kwa hiyo jina la kliniki linatangulia kila ujumbe. Wengine huipigia, nayo haipokei simu. Tumeongeza mwishoni namba ya mapokezi. Pia namba ndefu hutuma polepole, lakini kwa wagonjwa 40 kwa siku hilo halitugusi. Ningekuwa natuma kwa maelfu kwa saa moja, ningelipia namba fupi ya peke yangu, tena ile ambayo mteja hakatwi kitu akijibu.