Rangi ya Kaimati

Lita 3 za mafuta zilimwagwa kwa sababu yangu, na mpaka leo nikiona mtu anakaanga vitunguu huku anaongea na simu, moyo hunidunda.

Ilikuwa Mombasa, Mji wa Kale, mwaka 1996, siku moja kabla ya arusi ya binamu yangu. Nilikuwa na miaka 19 na nyumbani nilishahesabiwa mpishi. Basi shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye aliyebeba biriani ya arusi ile, alipouliza nani atashika vitunguu, nikasema mimi. Wenzangu walikimbilia kuchambua mchele na kumenya thomu. Nilidhani wamechagua kazi ngumu wakaniachia nyepesi.

Vitunguu vilikuwa kilo 10, vimetoka soko la Kongowea asubuhi ile: vitunguu maji vyekundu, vya ukubwa wa kati, vikavu hata maganda yake yalichakarisha mkononi. Shangazi alivibonyeza shingoni kimoja kimoja. Vilivyobonyea alivitupia kapu la mchuzi. Kitunguu kibichi cha msimu wa mvua, alisema, kimejaa maji; utakikaanga mpaka uchoke, nacho kitalainika tu kama kimechemshwa.

Akanionyesha kukata. Kitunguu kinapasuliwa katikati toka kichwani hadi kwenye mizizi, kile kitako kigumu cha mizizi kinatolewa chote, na ganda la kwanza la ndani, lile linaloteleza kama ngozi, linavuliwa pia. Halafu unalaza nusu yake kifudifudi na kukata kufuata mistari yake, vyembamba, unene wa shilingi mbili zilizobebana. Kisu kiwe kikali, kwa sababu kisu butu hakikati, kinaponda, na kitunguu kilichopondwa huanza kutoa maji hapo hapo kwenye sinia. Kisha unavichambua kwa vidole ili visishikane. Alikata viwili akaniachia, akaenda kuangalia nyama.

Kilo mbili za mwanzo nilikata vizuri. Baada ya hapo macho yalikuwa yakichuruzika na mkono umechoka, na unene ukawa wa kila namna: hiki kama karatasi, kile kama kidole cha mtoto. Nikajiambia vyote vitaiva.

Karai lilikuwa uani juu ya jiko kubwa la makaa. Nilitia mafuta lita 3, yakapata moto, nikabwaga vitunguu kilo 3 kwa mpigo ili nimalize upesi. Mafuta yaliruka juu, yakanguruma, mvuke ukanipiga usoni, halafu yakatulia yakawa yanatokota kama uji. Nikakoroga. Dakika tano, hakuna kitu. Dakika kumi, vitunguu vimelegea, vyeupe, vimelala kwenye mafuta kama tambi. Dakika kumi na tano, bado. Nikaona moto ni mdogo, nikaongeza makaa na kupepea kwa kipepeo.

Nililokuwa silijui ni kwamba muda wote ule kulikuwa na kazi inafanyika, ila haionekani kwa macho. Kitunguu kimejaa maji, na maadamu maji yale bado yanatoka kwa mvuke, hayaruhusu kitunguu kipate moto zaidi ya maji yanayochemka. Rangi haiji kwenye joto hilo. Sukari ya kitunguu huanza kugeuka pale maji yanapokaribia kwisha, na yakishakwisha hakuna tena kinachozuia moto. Kwa hiyo unangoja karibu dakika ishirini bila kuona kitu, halafu kila kitu kinatokea ndani ya dakika mbili. Na mimi nilikuwa nimeujaza moto kwa ajili ya dakika mbili hizo.

Vile vyembamba vilianza kuwa na ncha za dhahabu. Nikafurahi. Nikageuka kumjibu mtu aliyeniuliza liko wapi bakuli la ndimu, na niliporudisha macho, pembeni mwa karai, ambako mafuta ni machache na chuma ni cha moto zaidi, kulikuwa na duara la vipande vyeusi. Katikati vile vinene bado vilikuwa vyeupe. Nikasema ningoje kidogo vinene navyo vipate rangi. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Nilipoepua, nilikuwa na sinia la rangi nne, nikalirundika kama kichuguu, na mbele ya macho yangu kile kichuguu kikaendelea kuiva chenyewe, dhahabu ikawa kahawia, kahawia ikawa kama kahawa iliyokaangwa.

Shangazi alikuja kwa harufu. Hakusema neno. Alichukua kipande kimoja cheusi akanipa nitafune, kisha kimoja cha dhahabu. Cha dhahabu kilikuwa kitamu, karibu na tende. Cheusi kilikuwa chungu kwa uchungu unaobaki nyuma ya ulimi kama dawa ya malaria. Jirani mmoja aliyekuwa akitwanga bizari akasema vichanganywe tu na vizuri, na sukari kidogo itafuta uchungu. Shangazi akamwambia sukari huficha ukali wa nyanya. Kitu kilichoungua hakifichiki, na konzi moja ya vitunguu hivi itaonjeka katika sufuria nzima.

Halafu akachovya kipande cha mkate kwenye mafuta ya karai, akala, akatema. Vile vipande vidogo vyeusi vilivyozama chini vilikuwa vimeyaharibu nayo. Mafuta ya vitunguu katika biriani si ya kutupa, ndiyo yanayomwagiwa juu ya mchele, kwa hiyo yakiwa machungu, mchele nao utakuwa mchungu. Yakamwagwa yote. Nikatumwa dukani kununua mengine, kwa pesa zangu, tena za kitenge changu cha arusi.

Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kibao cha mbuzi mbele ya karai, amechambua vitunguu vilivyobaki mafungu mawili. Vyembamba vya sawasawa amevitandaza kwenye ungo vipigwe na upepo, kwani huko pia hupungua maji. Vinene amevitenga. “Hivi vya pilau ya jioni,” alisema. “Kwenye pilau vitasamehewa.”

Alianza upya. Mafuta mapya, lita 3 vile vile, lakini vitunguu kilo moja na kidogo tu, vielee vyenyewe bila kubebana. Moto wa wastani, makaa ameyavuta kando kidogo. Akaniambia nifumbe macho nisikilize. Nikadhani ananitania. “Fumba, mwanangu. Rangi itakudanganya, sauti haikudanganyi.”

Kweli, mwanzo ilikuwa ngurumo moja nzito, mvuke mwingi, harufu kali ya kitunguu kibichi. Baada ya muda ngurumo ikaanza kupasuka vipande vipande, ikawa kama mvua inayomalizikia juu ya bati. Povu likapungua. Harufu ikaacha ukali, ikaanza utamu. Hapo akaniambia nifumbue. Vitunguu vilikuwa na rangi ya njano ya majani makavu, na ukivigusa kwa mwiko vilikuwa vyepesi, vinasuguana. Pale pale akavuta makaa mengine nje, na kuanzia hapo mkono wake haukusimama: anatoa vya pembeni kuvileta kati, anageuza vya chini kuja juu, polepole, bila kuvivunja.

Mimi nilikuwa nangojea ile rangi ninayoijua juu ya sahani ya biriani, rangi ya tende. Yeye akaviepua kabla. Vilikuwa dhahabu tu, kama kaimati inayotoka kwenye mafuta.

“Bado, shangazi,” nikamwambia.

“Ukingoja tende ndani ya karai, utapata makaa. Toa kwenye kaimati, tende itakuja yenyewe.”

Alivichota vyote kwa kijiko cha matundu kwa mara tatu za haraka, akavikung’uta mafuta, akavimwaga kwenye sinia pana lililotandikwa karatasi, na papo hapo akavitawanya kwa uma mpaka kila kipande kikalala peke yake. Tukasimama tukiviangalia. Vilikuwa vinaendelea kukolea taratibu, kwa joto vilivyotoka nalo, na kwa kuwa havikurundikwa joto lile lilikwisha mahali pake. Baada ya dakika kama tatu vilikuwa tende, na vilipopoa vikawa vikavu vya kuvunjika. Kutoka karaini vilikuwa bado laini, na hilo nalo ndilo huwaponza watu: hungoja vikauke ndani ya mafuta. Vikikauka humo vimeshaungua.

Kati ya awamu na awamu aliyachuja mafuta kwa kichujio cha chai, asiache hata chembe. Awamu ya tano akanipa mwiko. Ya sita akaniacha peke yangu akaenda kuswali.

Jioni alinionyesha vile vinene kwenye pilau, na nikaelewa kwa nini alisema vitasamehewa. Mafuta ni machache, vitunguu vinashika chini ya sufuria, na hapo hamna kuepua, kwa sababu rangi ya pilau nzima inatoka kwao. Alivikoroga vikakolea zaidi ya vile vya biriani, mpaka hudhurungi, na kila chini ilipoanza kushika alirushia maji vijiko viwili. Sufuria ililia chwaa, ile rangi iliyoganda chini ikanyanyuka, na kile kipande kilichotangulia kikasimamishwa hadi wenzake wakifikie. Vilipofikia alipotaka, akatia thomu na tangawizi iliyotwangwa, yenye maji yake, na moto wa vitunguu ukazimika hapo hapo. Alisema pilau nyeupe ni ya mtu aliyeogopa, na pilau chungu ni ya mtu aliyekwenda kumenya thomu wakati vitunguu viko motoni. Thomu iwe imetwangwa, iko pembeni ya sufuria, kabla kitunguu cha kwanza hakijaingia.

Kilo zote zile za biriani zilipokwisha, masinia mawili tu ndiyo yaliyojaa. Kila kilo ilikuwa imebaki kama robo. Nusu alizivunjavunja kwa mkono akazitia kwenye nyama na mtindi. Nusu zilikuwa za juu ya mchele siku ya pili. Alichukua kipande kimoja kutoka awamu yangu ya sita, hakukitia mdomoni, alikivunja karibu na sikio lake. Kisha akaagiza masinia yaingizwe chumbani kwake, kwani watoto walishaanza kuzunguka, akafunga mlango, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake.