Nilivyomwelewesha shangazi matokeo ya mnada wa hatifungani

Shangazi yangu anauza dagaa hapa Tanga, mwaka huu akafikisha milioni moja na elfu hamsini kwenye akiba yake akaniita nyumbani kwake Barabara ya 12. Akaniambia, mwanangu, nasikia serikali inalipa asilimia 15, hebu nisomee hii. Alikuwa ameshika karatasi ya matokeo ya mnada wa hatifungani wa Benki Kuu, zile bondi ambazo unaikopesha serikali kwa miaka mingi, kaprintiwa steshenari.

Jicho lake lilikuwa kwenye kuponi tu, yaani riba ya mwaka iliyoandikwa kwenye bondi, ile 15. Mi nikamwambia tuanze na mstari wa wastani wa bei za zabuni zilizofanikiwa, maana ndo unaokwambia utoe hela ngapi. Bei inaandikwa kwa kila shilingi mia. Nikageuza karatasi nikamwandikia namba nyepesi za kujifunzia, sio za mnada wowote: bondi ya miaka 20, kuponi 15, bei 108.

Kima cha chini cha bondi ni milioni moja, ila hiyo milioni ni ile iliyoandikwa kwenye bondi, sio unayotoa mfukoni. Bei ikiwa 108 unalipa 1,080,000. Akashtuka kweli, maana hela yake ilikuwa haifiki! Kuponi inapigwa kwenye ile milioni, kwahiyo ni 150,000 kwa mwaka, unapewa 75,000 kila miezi sita, na mwisho wa miaka 20 unarudishiwa milioni moja kamili, ile 80,000 ya juu hairudi. Ndo maana mstari wa faida mpaka kuiva, yaani faida yako halisi kwa mwaka ukiishika bondi hadi mwisho, hausomi 15, kwa mfano wetu unasoma kama 13.8 hivi. Akakaa kimya kidogo akasema, kumbe kama nyumba ya kupangisha, kodi ni ileile ila mi nimeinunua ghali. Hapo nikajua kashaelewa.

Tukaja dhamana za muda mfupi, hapa unaikopesha serikali kwa muda usiozidi mwaka, hizi hazina kuponi kabisa, unanunua chini ya mia unalipwa mia. Siku 364 kwa bei 92.50, za laki tano unalipa 462,500, ukifika mwisho unapewa 500,000. Faida 37,500 ukiigawa kwa ulichotoa ni kama asilimia 8.1, sio 7.5 kama watu wanavyotoa haraka haraka mia kasoro bei.

Akauliza aweke bei gani. Nikamwambia shangazi usishindane na mabenki, mi mara ya kwanza niliandika bei ya chini nipate faida kubwa, matokeo yakatoka bei ya chini kabisa iliyokubaliwa ikawa juu ya yangu, nikakosa. Kuna zabuni isiyo ya ushindani, hutaji bei, unalipa ule wastani. Ila wastani unaujua mnada ukishapita, kwahiyo lazima akaunti iwe na cha ziada.

Akakunja karatasi akaiweka kwenye mkoba. Kaanza na dhamana ya laki tano, hela inayobaki kaiacha benki.