Themometa mbili na kitambaa kibichi: ninavyopanga kazi ya zege Dar wakati wa joto

Kazi ya kumwaga zege Dar es Salaam mwezi Februari siipangi kwa kutazama nyuzi zilizoandikwa kwenye simu. Natumia themometa mbili: moja kavu, nyingine balbu yake imevikwa kitambaa kibichi. Hiyo ya pili ndiyo inayonionyesha kama jasho la vibarua litawapoza au litawatiririka bure.

Jasho hupoza mwili pale linapogeuka mvuke. Lita 1 ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilojuli 2,400 hivi za joto. Ikidondoka chini ingali maji, haikuondoa karibu chochote, na mtu amepoteza maji na chumvi. Jasho hukaushwa na tofauti ya shinikizo la mvuke kati ya ngozi na hewa. Ngozi iliyolowa yenye nyuzi 35 ina kilopaskali 5.6. Mchana wa Dar wenye nyuzi 33 na unyevu wa asilimia 70, hewa tayari ina 3.5, zimebaki 2.1 tu za kulivuta jasho. Mahali pakavu penye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 20, hewa ina 1.5, kwa hiyo mvuto ni karibu mara mbili. Ni kweli hewa ya nyuzi 40 inauongezea mwili joto, lakini mwenye maji ya kunywa ya kutosha analitoa kwa jasho.

Balbu nyevu, yaani usomaji wa themometa yenye kitambaa, na joto linalohisiwa vinakubaliana kuwa Dar ni kugumu zaidi. Balbu nyevu ya Dar itasoma kama nyuzi 28.4, ya mahali pakavu 22.7. Joto linalohisiwa, lile linalokokotolewa kwa nyuzi na unyevu, ni kama 43 kwa Dar na 39 kwa pakavu. Ila hesabu hiyo imetengenezwa kwa mtu aliye kivulini. Jua kali linaweza kuongeza hadi nyuzi 8. Ndiyo maana siiamini peke yake juu ya slabu.

Kutengeneza kifaa si kazi kubwa. Chagua themometa mbili za kioo, zitumbukize pamoja kwenye ndoo ya maji, uone zinasoma sawa. Zikipishana zaidi ya nusu nyuzi, badilisha moja. Kitambaa kiwe cha pamba tupu, kilichochemshwa kwa sabuni kidogo na kusuuzwa vizuri, kwa sababu wanga na mafuta ya kiwandani huzuia maji kupanda. Kifunike balbu yote na sentimita 2 juu yake, ncha ya chini ikae kwenye kikopo cha maji yaliyotoneshwa. Maji hayo huuzwa kwa ajili ya betri. Soma chupa usije ukachukua tindikali. Funga vyote kivulini, usawa wa kifua, peperushia hewa kwa feni ndogo dakika 3 hadi 5, kisha soma mara nyuzi zinapoacha kushuka.

Makosa ya kawaida yote husukuma usomaji juu: kitambaa kimekauka, kimeganda chumvi, hewa imetulia, au msomaji anakipumulia. Themometa zote mbili zikisoma sawasawa na hakuna ukungu wala mvua, kagua kitambaa kwanza.

Sasa ukomo. Mwaka 2010 wanasayansi Sherwood na Huber walitaja nyuzi 35 za balbu nyevu kuwa kikomo cha mwili wa binadamu, kwani hapo hata aliyekaa uchi kivulini hawezi kutoa joto lake. Majaribio ya maabara Pennsylvania yaliyochapishwa mwaka 2022 yalikuta vijana wenye afya wakifanya shughuli nyepesi tu joto la ndani linaanza kupanda bila kutulia kwenye nyuzi 30 hadi 31. Kubeba karai la zege si shughuli nyepesi. Kwa hiyo mimi nimejiwekea 28: ikifika hapo, kazi nzito inasimama hadi jioni, vijana wanabaki na kufunga nondo chini ya turubai. Kuanzia 26 nabadilishana watu kwenye karai na kuweka mapumziko penye upepo, maana upepo huondoa hewa iliyoloa karibu na ngozi. Umwagaji wenyewe naupangia alfajiri. Unyevu wa asilimia huwa mkubwa saa hizo, jambo linalowachanganya wengi, lakini nyuzi ziko chini na balbu nyevu nayo iko chini.

Maji ni kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, yasizidi lita 1.4 kwa saa. Nyapara anaambiwa atazame usemi na mwendo wa mtu, asisubiri ngozi kukauka: anayefanya kazi ngumu anaweza kuzidiwa na joto huku bado anatoka jasho. Akianza kuweweseka au kupepesuka, anavuliwa shati, anamwagiwa maji baridi mwili mzima papo hapo huku feni ikimpepea, na mwingine anatafuta gari la hospitali.