Usiku wifi yangu aliposhikwa na kifafa cha mimba

Siku tatu nzima wifi yangu alikuwa akilalamika kichwa. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane, na sisi tukampa panadoli tukamwambia apumzike. Asubuhi akiamka uso umevimba, pete ya ndoa imegoma kutoka kidoleni. Mama akasema hiyo ni dalili ya mtoto wa kiume. Jioni ya siku ya tatu alisema anaona vimulimuli, na chembe ya moyo inamuuma kama amekula kitu kibaya. Hapo ndipo tulipotakiwa kuondoka naye. Tulilala.

Saa tisa usiku kaka akapiga ukelele. Nilimkuta wifi chali sakafuni, macho yamegeuka, meno yamekazana, mikono na miguu inamrukaruka, povu lenye damu linamtoka kwa kuwa ameshajing'ata ulimi. Mama akaja na kijiko amtenganishe meno. Jirani akaja na kitunguu cha kunusisha, anasema mashetani hao, aitwe mwalimu asome.

Mimi nilikuwa na kitu kimoja nilichokipata kwenye benchi la kliniki, wakati wa mimba yangu ya pili. Nesi alituambia kuwa kifafa cha mimba kinatokana na presha inayopandishwa na mimba yenyewe, baada ya wiki ya 20. Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma, lakini madhara yanafika kwenye figo, ini na ubongo. Ubongo ukizidiwa, mwili unaanza kutetemeka. Hata mtu asiyewahi kuugua kifafa maishani hupatwa. Akasema: kijiko hakizuii chochote, kinavunja meno.

Basi nikasema, "Mama, naomba hicho kijiko." Hatukumshika wala kumkandamiza. Tulisogeza kigoda na jiko asijigonge, nikaweka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, nikatazama saa ya simu. Ilichukua kama dakika moja na nusu, ingawa mimi ningeapa ni robo saa. Mitetemo ilipoisha tulimgeuza ubavu wa kushoto, nikamfuta povu lililotoka nje bila kuingiza vidole mdomoni. Anakoroma, hajitambui. Mama alitaka kumpa maji, nikakataa: mtu asiyejitambua hamezi, maji yanaingia mapafuni.

Bodaboda ilikuwa mlangoni, lakini mtu wa hali ile utampakiaje? Kaka akamgongea mwenye Noah wa mtaa wa pili. Tulilaza viti, tukamweka ubavu uleule, mimi nimepiga magoti nyuma yake asibiringike. Kadi ya kliniki niliifunga kwenye pindo la kanga.

Zahanati ilikuwa njiani, ikabidi nesi aamshwe. Presha ikasoma 180 kwa 120. Hapo nilijifunza jambo ambalo sikulijua: zahanati haiwezi kumaliza tatizo, lakini inaweza kutoa dozi ya kwanza. Nesi alimchoma magnesiamu salfeti, gramu 5 kila tako, jumla 10, akaandika saa kwenye karatasi ya rufaa ili hospitali wasije wakarudia bila kujua. Hiyo ndiyo dawa inayozuia degedege lisirudi. Presha ina dawa yake nyingine, na ugonjwa wenyewe hauondoki mpaka mtoto na kondo vitoke. Kwa hiyo tulielekezwa moja kwa moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Njiani alitetemeka tena, kwa muda mfupi zaidi. Tulifanya yaleyale, na dereva hakusimama.

Alipasuliwa asubuhi ileile. Mtoto wa kike, kilo 2.1. Wifi aliendelea na magnesiamu kwa saa 24, na kila mara nesi anahesabu pumzi zake, anamgonga goti kwa nyundo ndogo, anapima mkojo kwenye mfuko. Nilijiuliza goti ni la nini. Akaniambia dawa ikizidi mwilini goti huacha kuruka, na pumzi hufuata.

Tuliporuhusiwa kila mtu nyumbani aliona yamekwisha. Mtoto si ametoka? Lakini tulikuwa tumeambiwa kuwa presha inaweza kupanda tena baada ya kujifungua, na degedege nalo likaja, hasa siku za mwanzo, mara chache hata wiki kadhaa baadaye. Siku ya saba wifi akasema kichwa kimerudi. Hakuna aliyetaja panadoli. Mama ndiye aliyeichukua kadi kwanza, akatoka nje kuita bajaji. Presha ilisoma 160 kwa 105, wifi akaanzishiwa vidonge vya kushusha presha siku hiyohiyo.