Asilimia kumi ya muuza marumaru isingetosha chumba changu

Kama kuna ushauri unaonikera, ni huu: "Pima eneo, ongeza asilimia kumi, umemaliza." Muuzaji aliniambia hivyo, na fundi akatikisa kichwa kukubali. Chumba ni mita 4.3 kwa 3.7, karibu mita 16 za mraba. Marumaru ni za sentimita 60 kwa 60, nne kwa boksi. Kwa hesabu yao, maboksi 13 yanatosha na ziada juu.

Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, lile la viboksi, nikachora sakafu nzima pamoja na spesa, zile nafasi za milimita 3 kati ya marumaru. Urefuni zinaingia saba nzima, panabaki sentimita nane. Upande wa pili sita, na nane tena. Kipande chembamba hivyo kinavunjika kwenye mashine, na kikikaa mbele ya macho kinachukiza. Basi nikasogeza mistari katikati: unatoa moja nzima kila mstari, unapata vipande vya sentimita 34 kwenye kila ukuta. Inapendeza sana! Ila ukikata 34, kinachobaki ni 26, hakitoshi ukuta wa pili, kwa hiyo kila kipande kinakula marumaru nzima. Nane mara saba, 56. Maboksi 14 kamili, wala hujavunja hata moja.

Fundi akacheka. "Bosi, tukibaki na mpango wa vile vyembamba ni 44 tu." Ni kweli kabisa, maana nzima ni 42, na marumaru moja inatoa vyembamba saba. Nikamuuliza: na skatingi utakata wapi? Nilitaka ya sentimita 10 kuzunguka kuta, yaani vipande 26 ukitoa mlango. Kwa mpango wake, marumaru sita mpya zinachinjwa kwa ajili hiyo, anafika 50, maboksi 13. Kwa mpango wangu mabaki nayo ni 26, nikihesabu ya kwenye kona, na kila moja lina ukingo wa kiwandani wa kuelekeza juu. Skatingi imetoka bure, tofauti ni boksi moja. Kicheko kikaisha.

Nilinunua 15, zote zenye namba ileile ya toleo kwenye boksi, kwa sababu rangi hupishana kidogo toleo hadi toleo.

Gundi nayo ilikuwa na porojo zake: "mfuko wa kilo 20, mita tano za mraba." Labda kwa marumaru ndogo. Unene wa milimita moja hula takriban kilo moja na nusu kwa mita ya mraba, na marumaru kubwa inataka kama milimita nne baada ya kugongwa. Hiyo ni kilo 96, mifuko mitano. Kabla ya kununua, laza ubao ulionyooka sakafuni: pakiwa na mashimo, yasawazishe kwanza kwa saruji, maana gundi ya kujazia mashimo ni hela nyingi. Marumaru za mwanzo zing'oe uangalie mgongo. Ukiona michirizi mitupu, gundi ni haba, fundi apake na mgongoni pia. Wangu alinuna, akapaka.