Nilivyojifunza kupima uzito wa tener que, deber, hay que na haber de

Vitabu vya Kihispania vya wanaoanza hupenda kuziweka njia hizi nne kwenye ukurasa mmoja na kuzipa maana moja: lazima. Vingine huzipanga kama ngazi, yenye ukali juu na upole chini. Nilipohamia Barcelona na kuanza kuishi nyumba moja na wapangaji wenzangu, niliona kwamba ngazi hiyo hainifikishi mbali, kwa sababu sentensi ileile iliweza kuwa amri asubuhi na pendekezo jioni. Nikaanza kujiuliza maswali mawili kila nilipozisikia: wajibu huu unatoka wapi, na unamwangukia nani?

Jambo lililonifundisha zaidi ni taka za jikoni. Tulikaa ghorofani, kwa hiyo taka zilishushwa hadi kwenye mapipa ya barabarani, na Wahispania husema hivyohivyo, "bajar la basura".

Mtu akisema "hay que bajar la basura", hajamtaja yeyote. "Hay que" haina nafsi. Huwezi kuiunganisha na mimi, wewe wala yeye. Hubadilika kwa wakati tu: "había que", "hubo que", "habrá que". Hali inadai, basi. Pipa limejaa, yeyote atakayekuwa na mkono mtupu alibebe. Ndiyo maana hutumika sana kwa kanuni za jumla na maelekezo ya kazi, na pia pale mtu anapotaka kukumbusha bila kumnyooshea kidole mwenzake. Wajibu wenyewe unaweza kuwa mkubwa sana, maana "hay que pagar el alquiler", kodi ya nyumba ilipwe, si jambo la hiari. Lililo jepesi ni namna unavyoelekezwa kwa msikilizaji.

"Tienes que bajar la basura" ina mwenyewe. Leo ni zamu yako, na wajibu unatokana na mambo yalivyo: ratiba, saa, sheria, agizo la bosi. Hii ndiyo njia ya kila siku, na mtu akiwa na moja tu ya kuanza nayo, aanze na hii. "Tengo que irme", lazima niondoke, husemwa na mtu anayekimbilia basi wala halina ukali wowote.

"Debes bajar la basura" ni sahihi kisarufi, lakini sikuisikia jikoni kwetu. "Deber" huleta wajibu wa kimaadili au wa kanuni, na asili yake ni kitenzi cha kudaiwa: "te debo dinero", nina deni lako. Ipo kwenye matangazo rasmi, kama "los pasajeros deben presentar su documentación", abiria wanatakiwa kuonyesha hati zao. Dada mmoja wa Tanga, aliyekaa Hispania muda mrefu, alinieleza hivi: "Mdogo wangu, ukimwambia mwenzako 'debes', anasikia unamhubiria. Ukitaka kumshauri, tia 'debería'." Alisema kweli. "Deberías descansar" ni ungepaswa kupumzika, ushauri wa mtu anayekujali. Hali hiyo ya masharti hupunguza uzito wa zile nyingine pia: "tendrías que", na iliyo pole kuliko zote, "habría que", ambayo haina nafsi wala amri.

Nikishazitambua hizi, nilikuta kwamba uzito hubadilika zaidi pale sentensi inapokanushwa. "No tienes que venir" kwa kawaida ni si lazima uje; mlango uko wazi, ukitaka njoo. "No debes venir" ni usije. Neno moja linatenganisha ruhusa na katazo. "No hay que" ndiyo inayohitaji umakini, kwa kuwa hubeba maana zote mbili. "No hay que reservar" kwenye mkahawa ni hakuna haja ya kuweka nafasi mapema. "No hay que dejar la puerta abierta" ni mlango usiachwe wazi. Mazingira ndiyo yanayoamua: ikiwa tendo ni usumbufu ambao mtu angefurahi kuuepuka, elewa kwamba halihitajiki, ikiwa tendo lina madhara, elewa kwamba limekatazwa. Mimi nikitaka kusema hakuna haja, hutumia "no hace falta", ambayo haiwezi kueleweka kama katazo.

Upande wa pili ni wakati uliopita, na hapa Kiswahili kilinipa mlango. Kila anayehamia mji wa Hispania hujiandikisha kwenye daftari la wakazi la manispaa, yaani "empadronarse". Baada ya siku yangu ya kwenda huko niliweza kusema "tuve que ir al ayuntamiento", na msikilizaji akajua papo hapo kwamba nilikwenda, kama tunavyoelewa "ilinibidi niende". Ningesema "tenía que ir al ayuntamiento", angesubiri niendelee, kwa kuwa hiyo ni "nilitakiwa niende", na bado hajui kama nilifika au nilikwama kazini. Ukisikia "tenía que" mwanzoni mwa sentensi, tega sikio; mara nyingi "pero", yaani lakini, iko njiani. Lawama nayo ina umbo lake: "tenías que haberme avisado" au "deberías haberme avisado", ulipaswa kunijulisha, na hukunijulisha.

Imebaki "haber de": "he de", "has de", "ha de", "hemos de". Katika Kihispania cha sehemu nyingi za Hispania ina sauti ya maandishi au ya hotuba. Barcelona, hata hivyo, niliisikia kwa majirani wa kawaida kabisa: "he de marcharme", lazima niondoke. Sababu ni kwamba Kikatalani, lugha ya wenyeji wa huko, hueleza wajibu kwa "haver de", na wanaozungumza lugha zote mbili huivusha kwenye Kihispania chao. Kwa midomo yao haina urasmi wowote. Ni "tengo que" tu kwa njia nyingine. Mimi huielewa nikiisikia, lakini huitumia mara chache, maana nje ya huko ingenifanya nisikike kama ninasoma tangazo.

Kwa Wameksiko mambo ni tofauti tena. Mwenzangu wa nyumba kutoka Meksiko alipomwambia mtu aliyerudi kazini usiku "has de estar cansado", hakuwa anamwamuru achoke. Alikuwa anakisia: bila shaka umechoka. Kukisia kwa namna hii kupo katika njia nyingine pia. Akademia ya Kihispania, Real Academia Española, inapendekeza "deber de" kwa makisio na "deber" bila "de" kwa wajibu. "Debe de estar en casa" ni huenda yuko nyumbani. Katika mazungumzo watu huiacha hiyo "de", na Akademia yenyewe inakubali "deber" pekee kwa makisio. Isilolipendekeza ni "deber de" kwa wajibu. "Tiene que" nayo hukisia, tena kwa uhakika zaidi: "tiene que ser él", ni yeye tu, nani mwingine abishe hodi saa hizi?

Njia yangu ya kutofautisha ni kutazama kitenzi kinachofuata. Kikiwa cha hali, kama "ser", "estar", "saber" au "tener", kwanza ninafikiria makisio. Kikiwa cha tendo ambalo mtu anaweza kuamua kulifanya, kama "bajar", "pagar" au "llamar", ninafikiria wajibu. "Debe estar en casa a las diez" hunifanya nimtazame msemaji usoni kwanza, kwa sababu inaweza kuwa ni mama anayemwekea mtoto wake saa ya kurudi, au ni rafiki anayekisia mahali alipo mwenzake.