Tuliuza nyumba ya Sinza, tukahamia ndogo Kibaha: fedha iliyobaki tuliigawaje

Tuliuza kwa shilingi milioni 320. Nataja kiasi hicho mwanzo kabisa ili nikiache, kwa sababu kosa la kwanza ni kupanga mambo ukiwa umeishika bei kichwani. Bei si fedha yako. Ya kwako ni ile inayobaki baada ya dalali, TRA, Ardhi na nyumba mpya kuchukua vyao, na kwetu ilibaki chini ya nusu.

Kodi ndiyo iliyohitaji uangalifu zaidi. Anayeuza nyumba anatozwa kodi ya ongezeko la mtaji: asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuboresha. Nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi ina msamaha, ila faida isizidi milioni 15, kwa hiyo nyumba ya zamani ya Dar es Salaam karibu kila mara inavuka kikomo hicho. Sisi tulijenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao tofali, na hakuna risiti hata moja iliyosalia. Asiye na kumbukumbu za gharama, tangu mabadiliko ya mwaka 2023, anatozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa ya mthamini, ile iliyo kubwa. Kwetu zote mbili zililingana, tukalipa milioni 9.6.

Hayo maneno "ile iliyo kubwa" yasomwe mara mbili. Mnunuzi akikuomba muandike milioni 200 kwenye mkataba ili apunguze ushuru wa stempu, jua mthamini atakuja na thamani yake. Utalipa kodi ya thamani hiyo, na ukifikishana na mnunuzi mahakamani kwa salio ambalo hajamaliza, mkataba wako mwenyewe utasema ulimuuzia kwa milioni 200.

Hesabu nzima ilikwenda hivi. Dalali tulikubaliana naye asilimia 3 kwa maandishi kabla hajaleta mteja, akachukua milioni 9.6. Kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa ilikuwa laki nane, nayo bila kulipwa uhamisho hausogei. Ikabaki milioni 300. Nyumba ya Kibaha, vyumba viwili na sebule, ilikuwa milioni 135. Ushuru wa stempu, wakili na usajili tulitenga milioni 5. Kubadilisha mabati ya nyuma, tangi la maji, geti na usafiri wa vyombo, milioni 15. Ikabaki milioni 145, na hiyo ndiyo fedha ya kufanyia uamuzi.

Kabla ya kuigusa tuliwaita watoto. Nilimwambia mkubwa, "Baba, hii si mirathi, sisi tuko hai." Kuna wanaoona aibu kulisema hilo, kisha kila mtoto anakuja kimyakimya na wazo lake la bodaboda au duka la vipodozi. Nyumba ilikuwa ya ndoa, mke wangu alisaini ridhaa ya kuuza, na fedha ni ya wawili.

Kisha tukaandika swali moja tu: matumizi yetu ya mwezi yanaizidi pensheni kwa kiasi gani? Jibu lilikuwa laki tisa. Kuanzia hapo hatukutafuta uwekezaji unaolipa kuliko wote, tulitafuta laki tisa zinazofika kila mwezi bila mmoja wetu kufukuzia wapangaji.

Milioni 30 tuliziweka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Ni karibu miezi 33 ya hilo pengo, na ukiomba kutoa unalipwa ndani ya siku chache bila kukatwa ada ya kutoka. Fedha yote ya mauzo ilipita humo wakati tukisubiri uhamisho wa Kibaha. Sababu ni kwamba bima ya amana inalinda hadi milioni 7.5 tu kwa mteja katika benki moja, na kwenye akaunti ya kawaida mamilioni yanakaa bila kuzaa kitu cha maana.

Sehemu kubwa ilikwenda kwenye hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba hadi muda uishe. Unafungua akaunti ya CDS, ile ya kielektroniki inayotunza hatifungani zako, kupitia benki yako au dalali wa soko la mitaji, kisha unaingia mnada wa Benki Kuu au unanunua kwa mwenye nazo kwenye soko la upili. Kiwango cha chini ni milioni moja, na hatifungani za miaka 20 hazikatwi kodi ya zuio kwenye riba, wakati amana ya muda maalumu inakatwa asilimia 10.

Mambo mawili huwakwaza wageni. La kwanza ni bei. Hatifungani ya milioni 50 haigharimu lazima milioni 50. Bei ikiwa 104 kwa kila 100, unatoa milioni 52, lakini riba inahesabiwa kwenye 50 na mwisho wa muda unarudishiwa 50. Ukinunua katikati ya kipindi cha riba, unamlipa pia muuzaji riba ya siku alizokaa nayo, kwa hiyo malipo yako ya kwanza yataonekana manono wakati sehemu yake ni fedha uliyoitoa mwenyewe.

La pili ni kalenda. Riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Ukiweka milioni 100 kwenye hatifungani moja ya asilimia 12, unapata milioni 6 Januari, halafu kimya hadi Julai. Wengi wanaishia kukopa Mei. Tuligawa mara mbili: milioni 50 inayolipa Januari na Julai, na milioni 50 inayolipa Aprili na Oktoba. Kila miezi mitatu inaingia milioni 3, sawa na milioni moja kwa mwezi. Tarehe za malipo zimo kwenye tangazo la kila hatifungani, ziulize kabla ya kuuliza asilimia. Kwa bei ya 104 zote mbili zilitugharimu milioni 104.

Kasoro yake ni kwamba riba haipandi na sukari inapanda. Ndiyo maana tunatumia laki tisa na kuacha laki moja kila mwezi, na mwisho wa mwaka tunanunua hatifungani nyingine ya milioni moja. Na ukilazimika kuuza kabla ya muda, bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia, hasa minada mipya ikitoka na riba kubwa zaidi. Hapo ndipo zile milioni 30 za ukwasi zinapofanya kazi yake, usiuze kwa haraka.

Ilibaki milioni 11. Watoto watatu walipewa milioni 2 kila mmoja, siku moja, mbele ya wote. Milioni 5 zimekaa zenyewe kwa ajili ya nyumba, maana fundi wa Kibaha alipofungua dari alikuta kenchi mbili zimeliwa na mchwa.

Akaunti zote, CDS na UTT, zina majina ya wote wawili. Benki ilikuwa imenijazia fomu ya CDS kwa jina langu peke yangu. Niliirudisha dirishani ijazwe upya kabla ya kusaini.